Rimoti ya Kichina ya kiyoyozi: hesabu nukta, utajua baridi iko wapi

Mpwa wangu wa Likoni aliniletea picha kwa simu usiku mmoja wa Februari, wakati wa kaskazi, joto limekaza hata ukutani kwashika. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Mama hapati usingizi. Kiyoyozi chawaka taa lakini hakipulizi. Fundi asema gesi imekwisha, ataka elfu saba. Kabla sijampa, itazame hii rimoti, yote ni Kichina."

Dada yangu ana presha, na daktari wake alimwambia asikae kwenye chumba chenye joto jingi. Kiyoyozi chenyewe walikinunua kutoka kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi mainjinia wa Kichina, walipomaliza kazi yao na kuuza vyombo. Mashine za namna hii si chache huku kwetu. Zilitengenezwa ziuzwe Uchina, kwa hivyo rimoti yake haina neno la Kiingereza hata moja, na kijitabu cha maelezo, kama kipo, ni Kichina vilevile.

Kwenye picha ile rimoti ilikuwa imewashwa. Kiooni palikuwa na namba 26, na juu yake alama ndogo ya jua lenye miale. Nikamjibu: "Usimpe fundi pesa bado. Mashine yenu imewekwa itie joto."

Nitaeleza nilijuaje, ili nawe ukiletewa picha kama hiyo uweze kuisoma.

Kitufe kimoja chenye hali tano

Kwenye rimoti ya Kichina tafuta kwanza kitufe kilichoandikwa 模式. Maana yake ni hali, yaani kazi ambayo mashine itafanya. Kitufe cha kuwasha na kuzima kimeandikwa 开/关, na mara nyingi ndicho kikubwa au chenye rangi tofauti. Hivi viwili ukivijua, umeshika rimoti nusu.

Kila ukibonyeza 模式, hali hubadilika na alama kiooni hubadilika nayo. Hali ni tano kwa kawaida, na kwenye rimoti nyingi zafuatana hivi: kujiendesha, baridi, kuondoa unyevu, feni, na joto. Baada ya joto yarudi mwanzo.

Kila hali ina alama yake. Baridi ni alama kama nyota ya mikono sita, nayo ni chembe ya theluji. Joto ni jua. Kuondoa unyevu ni tone la maji. Feni ni mapanga ya feni. Kujiendesha mara nyingi ni mishale inayozunguka au herufi A. Alama hizi hazina lugha, na kama kioo cha rimoti ni kizima zatosha peke yake.

Shida huja kioo kinapokuwa kimefifia, au rimoti inapokuwa na maneno tu bila picha. Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu maneno mawili yanayopingana yaanza na herufi ile ile moja. Baridi huandikwa 制冷. Joto huandikwa 制热. Herufi ya kwanza, 制, maana yake ni kutengeneza. Kwa hivyo la kwanza ni "tengeneza baridi" na la pili ni "tengeneza joto". Tofauti yote iko kwenye herufi ya pili, na mtu asiyejua Kichina huona ni michoro tu.

Mbili, tatu, nne

Njia ya kuzitambua ni kuhesabu nukta.

Tazama 冷. Upande wake wa kushoto kuna vijistari viwili vifupi, kimoja juu ya kingine. Kwa Wachina hiyo ni alama ya barafu, na huingia kwenye maneno ya ubaridi. Nukta mbili kushoto: baridi.

Tazama 热. Chini yake kuna nukta nne zilizojipanga kama mafiga chini ya sufuria. Hiyo ni alama ya moto. Nukta nne chini: joto.

Sasa tazama neno la kuondoa unyevu, 除湿. Herufi yake ya pili ina nukta tatu upande wa kushoto, nazo ni alama ya maji. Nukta tatu kushoto: unyevu.

Basi kumbuka hivi: mbili barafu, tatu maji, nne moto. Angalia tu usichanganywe na neno 温度. Nalo lina nukta tatu kushoto, lakini maana yake ni kiwango cha joto, na utalikuta karibu na vitufe vya + na −, si miongoni mwa hali.

Hali mbili zilizobaki hazina nukta za kuhesabu, lakini ni rahisi. 送风 ni feni tupu, yaani "peleka upepo". Shika herufi ya 风, maana yake upepo, kwani utaikuta mahali pengi. 风速 ni kasi ya upepo. 扫风 ni kitufe cha kufanya vile vibao vya mdomoni vipande na kushuka ili upepo usambae. Ukiona 上下 ni juu na chini, na 左右 ni kushoto na kulia. Ya mwisho ni 自动, kujiendesha.

Kwa nini mashine ilinyamaza

Turudi Likoni. Rimoti ilikuwa kwenye jua, namba ni 26. Chumba cha dada yangu usiku ule kilikuwa kimeshapita digrii hizo. Mashine iliyo kwenye hali ya joto ikiambiwa ifikishe digrii 26, na chumba tayari kimeshapita hapo, yajiona imemaliza kazi. Kompresa haiwaki. Feni ya ndani husimama au hutoa upepo mdogo usio na baridi. Taa yawaka, hewa haitoki, na mwenye nyumba adhani imeharibika.

Jambo la hatari ni lile mtu alifanyalo akikasirika. Mpwa wangu aliniambia walipoona haipulizi walibonyeza + mpaka 30, wakidhani namba kubwa ni nguvu zaidi, na ikatoa upepo wa vuguvugu. Haikuwa imepata nguvu. Ilikuwa imeamrishwa kuongeza joto, nayo ikatii. Namba ile ni kiwango cha joto unachotaka chumba kifike. Ukitaka baridi zaidi, namba hushuka.

Nikamwambia abonyeze 模式 mara moja. Akaniandikia: "Jua limeondoka, lakini sasa + na − hazifanyi kazi." Hapo alikuwa ameingia 自动. Kwenye hali hiyo mashine hupima chumba na kuchagua yenyewe, na rimoti nyingi hazikuruhusu kugusa namba. Si kitufe kilichokufa. Nikamwambia abonyeze tena mara moja. Nyota ya theluji ikatokea, 制冷. Akaweka 25.

Baada ya dakika moja: "Mjomba, bado."

Nikamwambia asiguse kitu. Kompresa ikishazimwa au kubadilishiwa hali, mashine huizuia isiwake kwa muda wa dakika tatu hivi, ili shinikizo la gesi ndani ya mabomba litulie. Anayebonyeza bonyeza wakati huo hujirudisha nyuma kila mara. Walisubiri. Mashine ya nje ikaanza kunguruma, na hewa ikatoka baridi. Baada ya robo saa na zaidi, bomba la maji nje ya dirisha likaanza kudondosha matone. Hiyo ni dalili nzuri. Mashine inapotia baridi, unyevu wa hewa ya chumbani huganda kuwa maji kwenye mapezi ya ndani na kutoka kwa bomba hilo. Ikiwa kwenye hali ya joto, maji huonekana kwenye mashine ya nje, si kwenye bomba la ndani.

Rimoti haijui mashine inafanya nini

Kuna jambo moja lazima lisemwe, kwa kuwa huwapoteza hata mafundi. Kioo cha rimoti chaonyesha amri iliyotumwa, si kazi inayofanyika. Rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho, wala haipokei jibu. Mtu akibonyeza huku ameielekeza kwingine, kioo kitaonyesha theluji na mashine itaendelea na joto lake.

Dawa ni kusikiliza. Amri ikifika, mashine hutoa mlio mmoja mfupi. Hukusikia mlio, amri haikufika. Kama rimoti hailizi mashine hata ukisimama mbele yake, fungua kamera ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe chochote. Kamera nyingi, hasa ya mbele, zitaonyesha mwanga wa zambarau ukimetameta. Ukiuona, rimoti yatuma. Usipouona, anza na betri.

Pia tazama kama kuna alama ya kufuli kiooni. 童锁 ni kufuli ya watoto. Ikiwa imefungwa, vitufe vyote havifanyi kazi. Kwenye rimoti nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza + na − kwa pamoja.

Tone la maji lina kazi yake

Wengi wakishaipata theluji hawagusi tena kitu kingine. Lakini kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, 除湿 ni hali ya kujua.

Katika hali hii kompresa huwaka na kuzima, na feni ya ndani huenda polepole. Hewa ikipita taratibu juu ya mapezi baridi huacha maji mengi. Chumba chapoa kidogo, lakini kinachobadilika zaidi ni ule unata wa mwilini. Usiku wa masika au wa kusi, wakati joto lenyewe ni digrii 26 au 27 lakini shuka zina unyevunyevu, hali hii hutosha, na kwa kawaida hula stima kidogo kuliko baridi kamili.

Mpaka wake nao ujue. Februari na Machi, chumba kikiwa na digrii 31, tone la maji halitakipoza kwa mgonjwa. Hapo ni theluji. Na ukiwa kwenye 除湿 usishangae kitufe cha 风速 kikikataa. Rimoti nyingi hufunga kasi ya feni kwenye hali hii, kwa sababu upepo mkali ungeharibu kazi yenyewe. Watu wengi huacha mashine kwenye tone la maji bila kujua, kisha husema imedhoofika.

Usichanganye 除湿 na 干燥. Yote mawili huweza kutafsiriwa "kukausha", lakini kazi ni mbali kabisa. 除湿 hukausha hewa ya chumba. 干燥 hukausha mashine yenyewe: ukishazima, feni ya ndani huendelea dakika kadhaa ili mapezi yakauke, yasiote ukungu na kutoa harufu. Siku mbili baadaye mpwa wangu aliniandikia kuwa kiyoyozi "chakataa kuzimika". Nilimwuliza kama pana neno 干燥 kwenye kioo, naye akasema lipo. Nikamwambia ahesabu dakika kumi. Kilizimika chenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, afadhali kuacha kitufe hicho kikiwa kimewashwa.

Vitufe vya usiku na vya tokeni

睡眠, wenye alama ya mwezi au nyota, ni usingizi. Kwenye hali ya baridi hupandisha kiwango digrii moja baada ya saa moja, na nyingine baada ya saa ya pili kwa mashine nyingi, kwa kuwa mwili uliolala hauhitaji baridi ile ile ya mwanzo wa usiku. Kwa mgonjwa anayeamka alfajiri akitetemeka, hicho ndicho kitufe chake.

定时 ni saa ya kujipangia. 定时关 yaizima mashine baada ya masaa uliyoweka, na 定时开 yaiwasha. Herufi ya mwisho ndiyo ya kutazama: 关 ni funga, 开 ni fungua, zile zile za kitufe kikubwa.

强力 ni nguvu za ziada: feni hukimbia kabisa. Itumie dakika za mwanzo, kisha iondoe. 灯光 ni taa ya kibao cha mashine, nayo huzimika bila kuathiri baridi.

Kimoja cha kukaa nacho mbali ni 辅热, au 电辅热. Hicho huwasha koili ya umeme ndani ya mashine kusaidia kutia joto, kwa ajili ya baridi ya kule kwao. Hula stima nyingi, na hapa hakina kazi. Kwa bahati nzuri hufanya kazi kwenye hali ya joto peke yake, kwa hivyo ukikaa kwenye nukta mbili hakikudhuru.

Kuhusu tokeni, wengine huweka 16 wakidhani chumba kitapoa upesi. Mashine ya kawaida yenye kompresa ya mwendo mmoja hutoa baridi ile ile ukiweka 16 au 25. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haitafika kamwe, na kompresa haitapumzika usiku kucha.

Kabla ya kulipa pesa za gesi

Gesi ya kiyoyozi si kama ya kupikia. Haiishi kwa kutumiwa. Yazunguka ndani ya mabomba yale yale miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, imevuja mahali, na kuijaza bila kuziba tundu ni kununua miezi michache. Kuiongeza kwenye mashine iliyojaa ni kubaya zaidi, maana shinikizo hupanda na kompresa yaweza kuungua.

Kwa hivyo fundi akisema gesi, mwombe apime mbele yako, rimoti ikiwa kwenye nukta mbili, kiwango kikiwa chini kuliko joto la chumba, na mashine imeshafanya kazi robo saa. Hewa inayotoka mdomoni inatakiwa iwe chini ya ile inayoingia juu kwa kiasi cha digrii 8 hadi 12. Ikiwa tofauti ni ndogo, na bomba jembamba kwenye mashine ya nje limefanya barafu, basi shaka ya gesi ina msingi. Kipimo kilichochukuliwa jua likiwa kiooni hakikwambii lolote.

Tazama pia kibandiko ubavuni mwa mashine. Kikianza na herufi KFR, kama KFR-35GW, mashine yatia baridi na joto. Ikiwa ni KF bila R, ni ya baridi tu, hata kama rimoti ina jua. Namba 35 maana yake ni wati 3500 za ubaridi, ambazo mafundi wetu huziita elfu kumi na mbili.

Na ukitaka kumtumia mtu picha akusaidie, washa rimoti kwanza ili kioo kiwe na alama, zima taa ya kamera isiakisi, telezesha kifuniko ili vitufe vya chini navyo vionekane, kisha piga picha ya pili ya kibandiko. Picha ya mpwa wangu ilifaa kwa sababu kioo kilikuwa kikisomeka. Jua lilionekana wazi.

Elfu saba zilibaki mfukoni. Mpwa wangu alikata kipande cha plasta, akakibandika kando ya 模式 na kuandika kwa kalamu: "Nyota = baridi. Jua = usiguse." Dada yangu sasa hujiwekea mwenyewe.